Siku moja maishani mwangu: kaboni ya kihamba na ya shamba la chini, Moshi

Saa 2 asubuhi. Mezani nina sampuli mbili za udongo za mama mmoja wa Kibosho. Moja imetoka kihambani kwake, shamba la nyumbani huko juu mlimani, penye migomba na kahawa. Nyingine imetoka shamba lake la mahindi, ekari moja huku chini tambarare. Zote zilichimbwa hadi sentimita 20, zikaanikwa kivulini na kuchekechwa. Nazisaga kwenye kinu cha kaure, kwa sababu chembe za kinu cha chuma nazo hula dikromati, kemikali ninayopimia kaboni, na udongo ukaonekana una kaboni ambayo haimo. Vizizi natoa kwa kibano. Kimoja tu ndani ya gramu moja kinaharibu jibu.

Saa 3:30. Napima gramu 1 kwa kila chupa, kila udongo chupa mbili, na pembeni chupa tupu isiyo na udongo. Kila moja inapata mililita 10 za dikromati ya potasiamu ya nguvu 1, kisha mililita 20 za asidi ya salfuriki kali, haraka, ndani ya chemba ya kufyonza moshi. Hatutumii jiko. Joto linalotoka asidi ikikutana na maji ndilo linalounguza kaboni, kwa hiyo asidi iliyokwisha kunyonya unyevu hewani hutoa jibu la chini. Naweka chupa juu ya ubao, zisipoe upesi, nangoja dakika 30.

Hazikufika hata dakika tano, chupa za kihamba zikawa kijani kabisa. Rangi ya chungwa ni dikromati iliyobaki. Kijani ni ile iliyokwisha tumika. Yote ikitumika, hakuna cha kupima tena, na anayeendelea ataandika namba iliyo chini ya ukweli. Nazitenga, naanza upya na gramu 0.4.

Saa 5:30. Naongeza maji, asidi ya fosforiki na matone ya difenilamini ya kuonyesha mwisho kwa rangi, kisha nafungua bureti yenye chumvi ya feri, inayopima dikromati iliyobaki. Zambarau nzito inageuka kijani kwa tone moja, kwa hiyo mwishoni nadondosha nusu tone nusu tone. Chupa tupu imekula mililita 20.4, maana yake nguvu halisi ya feri, yaani N, leo ni 0.49, si 0.5 iliyoandikwa kwenye lebo. Feri huungana na oksijeni ya hewani, hivyo chupa tupu ni ya kila siku. Shamba la mahindi limekula 14.2, kihamba 10.8, chupa pacha zao zimekaribiana nazo.

```
%C = (tupu - sampuli) × N × 0.39 / gramu
mahindi: (20.4 - 14.2) × 0.49 × 0.39 / 1.0 = 1.2
kihamba: (20.4 - 10.8) × 0.49 × 0.39 / 0.4 = 4.6
```

Ndani ya 0.39 kuna kizidishio 1.3. Walkley na Black, mwaka 1934, walikadiria kuwa njia hii hukamata wastani wa asilimia 77 tu ya kaboni. Udongo hutofautiana, na mkaa hukamatwa kidogo sana, kwa hiyo majibu haya silinganishi na ya maabara inayotumia tanuri.

Saa 7. Mabaki yote yanaingia pipa la kromiamu, kamwe si sinki. Dikromati husababisha saratani.

Saa 9. Mama amefika.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Shamba la chini limekufa?”

Namwambia halijafa, ila linatoa bila kurudishiwa. Namuuliza mabua yanakwenda wapi. Yanapanda na lori hadi kwa ng'ombe wake wa zizini, kihambani. Na samadi? Inabaki kwenye migomba. Basi 4.6 na 1.2 ni hesabu moja: sehemu ya kaboni ya kihamba imeota huku chini. Si yote, kwani juu kuna baridi na mvua zaidi, kaboni huoza polepole.

Anataka kujua itachukua muda gani. Ekari moja, kina cha sentimita 20, ukichukua udongo wa uzito wa kawaida, kupandisha kutoka 1.2 hadi 1.3 kunahitaji karibu tani moja ya kaboni inayobaki. Na nyingi ya samadi na mabua huliwa na vijidudu mwaka wa kwanza, ikatoka kama hewa. Ni kazi ya miaka, na mimi simwahidi zaidi. Lakini mahindi yatafaidi virutubisho vya samadi msimu huohuo.

“Lori linashuka na nini, mama?”

“Linashuka tupu.”

Tukakubaliana lishuke na samadi, itiwe kwenye mashimo ya mbegu nusu ya shamba, na nusu hiyo ibakiziwe theluthi ya mabua. Atachimba tena baada ya miaka minne, mwezi huu huu, kina kilekile, nusu mbili mbalimbali. Tofauti ya 0.1 pekee sitaiamini, maana nusu mililita tu ya bureti inaweza kuileta.