Shuka moja, namba tatu tofauti: nilivyojua posti ipi inaniletea hela

Mi nauza mashuka, niko Mbagala, duka langu ni simu na kabati moja la sebuleni. Karibu mwaka mzima niliamini ile video ya mwanangu anaruka kitandani ndo inanilisha, maana ilitembea kweli, komenti za "jamani katoto" mpaka nikachoka kujibu, na kila wiki nilikuwa naibusti kwa elfu kumi au kumi na tano, inategemea siku hiyo nimeamkaje.

Kuna kijana nikampa hela (ngapi sisemi, mume wangu anaweza kusoma hapa) akanitengenezea ukurasa wa Linktree wenye vitufe, linki yake nikaweka kwenye bio. Ukurasa wenyewe sina ugomvi nao, unakuhesabia kila kitufe kimebonyezwa mara ngapi, na umeniokoa na ujinga wa kubandika linki kwenye maelezo ya posti ya Instagram ambako haibonyezeki, inakaa tu kama pambo. Cha hovyo ulikuwa ushauri wake. "Dada angalia kliki, penye kliki ndo penye wateja." Nikaangalia. Kitufe cha video ya mtoto kliki mia nne na kitu, kitufe cha picha ya bei na vipimo hata sitini hazifiki. Basi nikazidi kubusti mtoto.

Sasa mwisho wa mwezi nahesabu mashuka kabatini, yamejaa vilevile. Nikamuuliza kijana, akasema tuweke utm, hapo tutaona kila kitu. Akanipa linki imekaa hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?utm_source=instagram&utm_content=video_mtoto
```

Nilijiona msomi jamani. Wiki tatu nzima kila asubuhi kabla hata ya chai naingia kwenye ile akaunti ya Google Analytics aliyonifungulia, naangalia sifuri. Nikasema labda bando, nikasema labda simu. Kumbe yale maneno ya utm yanasomwa na mtambo wa kuhesabu uliopachikwa kwenye tovuti yako, na mimi tovuti sina! Mteja wangu akibonyeza anatumbukia WhatsApp, na huko hamna wa kuyasoma, yanaishia njiani. Mwenye tovuti ambayo mtu anaagiza na kulipa palepale utm zitamfaa sana, ila aandike kwa herufi ndogo siku zote, maana Instagram yenye I kubwa na instagram yenye i ndogo zitahesabiwa kama vitu viwili. Mimi mauzo yangu yanaisha kwenye chati na kwenye meseji ya hela imeingia, kwa hiyo alama ya kujua mtu katoka wapi lazima mteja aje nayo mwenyewe mpaka ndani ya chati.

Na hiyo inawezekana kirahisi tu, kwenye linki ya wa.me unaongeza ?text= halafu maneno, mteja akibonyeza anakuta meseji imeshaandikwa, yeye anatuma. (Namba yako inaanza na 255, usiweke sifuri wala alama ya kujumlisha, mi nililiweka sifuri nikashangaa linki haifunguki.)

Mwanzo niliweka alama za kitaalamu, "Ref IG-VID-03". Watu wanazifuta! Mmoja akaniuliza kama ni mambo ya freemason. Nikaja na akili nyingine ambayo mpaka leo najicheka, nikatofautisha salamu. Anayetoka TikTok meseji yake inaanza "Mambo dada", wa stori za Instagram "Habari dada", wa bio "Hujambo dada". Ilifanya kazi vizuri sana siku nne, mpaka mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akatuma "Mambo dada" halafu dakika hiyohiyo akapiga simu, "Samahani sana binti yangu, hayo maneno sikuandika mimi." Nilimuomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Shuka alinunua lakini.

Ndo nikapata hii ya sasa. Shuka ni lilelile la maua ya bluu, ila kila posti naipa namba yake. Video ya mtoto ni shuka namba 14, picha ya bei na vipimo ni namba 41, TikTok ni namba 23. Linki inakuwa hivi, hiyo %20 ni nafasi tu kati ya neno na neno:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naomba%20bei%20ya%20shuka%20namba%2041
```

Namba hawaifuti kwa sababu wanadhani wakiifuta nitawaletea shuka lingine. Na nimeiandika kubwa juu ya picha yenyewe, kwa hiyo hata yule anayepiga skrinishoti, au anayekuja DM, au anayemtuma dada wa kazi apige simu, anaitaja mwenyewe bila kuulizwa. Kwenye Linktree kila posti ina kitufe chake, stori naipachikia linki yake moja kwa moja kwa ile stika.

Kuhesabu sasa. Natafuta "shuka namba 41" kwenye ile sehemu ya kutafuta ya WhatsApp, chati zote zinajipanga. Mimi kwenye majibu yangu siitaji hiyo namba kabisa, la sivyo na meseji zangu zinaingia kwenye hesabu. Aliyelipa namuwekea lebo ya "Amelipa", halafu naandika kwenye daftari, tarehe ya hela na namba aliyokuja nayo mara ya kwanza, hata kama aliuliza tarehe kumi akalipa mshahara ulipotoka.

Mwezi wangu wa kwanza wa kuhesabu hivi, namba 14, yaani mwanangu mpendwa, kliki 412, meseji 61, walionunua 3. Namba 41, ile picha ya kuchosha yenye bei, tano kwa sita, sita kwa sita, foronya ngapi, kliki 58, meseji 31, walionunua 14. Nilikaa chini. Wa namba 14 wengi walikuwa wanauliza mtoto ana umri gani! Na wengine zaidi ya mia tatu walibonyeza wakaishia hapo, hata salamu hawakutuma, humo humo na kliki zangu mwenyewe za kujaribu linki.

Siyo kwamba video haina kazi, kuna mtu inawezekana aliiona video mwezi huu akaja kununua kwa picha mwezi ujao, na daftari langu litampa sifa picha. Hilo siwezi kulijua. Ila hela ya kubusti nimeihamishia namba 41, na mtoto anaruka bure.

Tatizo limebaki moja. Wiki iliyopita mama mmoja wa Temeke kaja mwenyewe nyumbani, nimempa shuka la maua ya bluu, kaligeuza kalinusa, kasema hili ni 41 jepesi, yeye anataka 14, aliliona kwenye video ni zito zaidi. Nikaingia chumbani, nikakaa kidogo, nikatoka na lilelile. Kalishika, "Eeh, hili sasa."