Jinsi nilivyorudisha aya zilizofutwa bila kupoteza kazi ya wenzangu

Tulikuwa watu wanne tukiandika ripoti moja kwenye Google Docs. Asubuhi nikakuta sehemu ya mbinu, aya tatu nzima, haipo. Mwenzetu mmoja alizifuta usiku akidhani ni rasimu ya zamani, kisha wengine wawili wakaendelea kuandika hitimisho.

Nikafungua File, Version history, See version history. Kila mhariri ana rangi yake, na maneno yaliyofutwa huonekana yamekatwa kwa mstari. Nililipata toleo la jioni, aya zikiwa salama. Nikakaribia kubonyeza Restore this version, nikasita: kitufe hicho hurudisha waraka mzima, kwa hiyo hitimisho jipya lingeondoka pia. Lisingepotea kabisa, kwani lingebaki kwenye historia, lakini tungekuwa na kazi ya kulitafuta tena. Nikanakili zile aya tatu tu, nikarudi kwenye waraka wa sasa, nikazibandika mahali pake.

Baadaye nilibadilisha ruhusa. Mimi nikabaki mhariri, wenzangu nikawapa Commenter. Sasa wanachofuta au kuongeza huwa pendekezo, na maandishi ya awali hukaa hadi nikubali pendekezo hilo. Ubaya wake ni kwamba mwenye ruhusa hiyo haoni historia ya matoleo, hivyo akiihitaji lazima aniombe. Kabla ya kukubali mapendekezo mengi kwa pamoja, mimi hulipatia toleo jina kwanza kwa Name current version, mfano “kabla ya marekebisho ya mbinu”.