Kodi ya duka la Majengo: mesej ilikataa, barua ikashika

Mamangu alituachia nyumba Majengo hapa Mombasa, nyumba ya kiswahili ya kawaida, mbele kuna baraza na kiduka kimoja ambacho kakipanga mzee mmoja fundi cherehani tangu 2011. Mie namuita Ami tu. Hakuna karatasi yoyote baina yake na mama, walikubaliana kwa mdomo pale barazani, kodi ikaanza chini ikaja ikafika 12,000 na hapo ikaganda miaka sita.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nikaona haiwezekani, nikamtumia Ami mesej ya watsapu, "Ami shikamoo, kuanzia mwezi ujao kodi ni 16,000, maisha yamepanda." Basi, hivo tu. Akanijibu marahaba mwanangu, na tarehe moja akatuma 12,000 zake kama kawaida. Nikampigia, akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu hiyo si notisi. Wallahi nilikasirika. Jirani mmoja akanishauri nimtie kufuli, mwengine akasema kata stima, na nashukuru sikumsikiza hata mmoja kwa sababu hiyo ndio njia ya mkato ya kushtakiwa wewe mwenye nyumba.

Nikaenda kwa karani wa wakili ninayemjua, akanicheka. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu, mna mkataba wa maandishi? Nikamwambia hapana. Akasema basi huyo analindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ile sheria ya maduka, hoteli na sehemu za kula. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi yumo ndani ya sheria hiyo moja kwa moja, na hata mwenye mkataba yumo ikiwa ni wa miaka mitano au chini yake, au ni mrefu zaidi lakini una kipengele cha kuuvunja mapema bila ya mtu kukosea. Mie nlikuwa nadhani asiye na karatasi ndio hana haki, kumbe ni kinyume. (Nyumba za kulala watu zina sheria yake nyengine, usichukue haya ukampelekea mpangaji wa rumu.)

Sasa kilichoua mesej yangu ni mambo manne. Haikuwa kwenye fomu inayotakiwa, haikutoa muda wa miezi miwili, haikutaja sababu ya maana, na haikumwambia mpangaji ajibu. Fomu yenyewe inaitwa Fomu A, ya mwenye nyumba kuvunja upangaji au kubadilisha masharti yake, na kupandisha kodi ni kubadilisha masharti. Ile fomu ni ya kizungu, mie nikaijaza halafu nikaambatanisha barua ya Kiswahili ili Ami aelewe bila kutafuta mtu wa kumsomea.

Sehemu iliyonisumbua ni sababu. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa shida zangu, karo ya watoto, unga, na nikaongeza ati duka limechangamka siku hizi wateja wamejaa. Karani akachukua kalamu akakata yote. Akanieleza, mkifika kwenye Traibunali ya Kodi za Majengo ya Biashara, ile watu wanaijua kwa BPRT, hawatazami mfuko wako, wanatazama duka kama lile lingekodishwa kwa bei gani sokoni leo. Na wale wateja ni jasho la Ami, jina alilolijenga mwenyewe kwa kushona, sheria haikuruhusu kumtoza kwalo. Hapo nikaona aibu kidogo maana ni kweli, hata kanzu zetu za Idi kashona yeye.

Basi nikaamka asubuhi nikazunguka mtaa ule ule, nikauliza maduka matatu ya ukubwa kama huo. Moja 14,000, moja 15,000, la pembeni mwa barabara kubwa 16,000, hilo la mwisho nikaliacha kwa sababu kona na uchochoro si sawa. Nikatafuta risiti za mabati na mbao, na risiti ya mita ya tokeni niliyomtenganishia. Halafu kuna hii ya kwetu Mombasa, nyumba ni yetu lakini ardhi si yetu, na mwenye ardhi kapandisha pango. Barua ikawa hivi:

"Kwako Ami, mpangaji wa duka la mbele. Natoa notisi ya kubadilisha sharti moja la upangaji wako. Kodi ya sasa ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Kuanzia tarehe 1 Mei itakuwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Masharti mengine yanabaki vile vile. Sababu ni hizi: maduka ya ukubwa huu katika mtaa huu yanakodishwa kati ya 14,000 na 15,000, paa limebadilishwa lote na duka limewekewa mita yake ya stima, risiti zipo ukitaka kuziona, na pango la ardhi tunalolipa limepanda. Kodi haijaongezwa kwa miaka sita. Tafadhali nijulishe kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja tangu upokee notisi hii, kama unakubali au hukubali."

Hesabu ya tarehe iangalie vizuri. Miezi miwili inaanza siku mpangaji aliyopokea, si siku uliyoandika. Mie nilimpa mkononi tarehe 26 Februari, kwa hivyo miezi miwili inaisha 26 Aprili, nikaweka 1 Mei ili iingie na mwanzo wa mwezi wa kodi. Ningeandika 1 Aprili notisi yote ingekuwa bure na ningeanza upya. Nilibeba nakala mbili, Ami akasaini moja na kuandika tarehe. Angekataa kusaini ningeweza kumuachia mfanyakazi wake pale dukani mbele ya shahidi, au kuituma kwa posta ya rejista na kuweka risiti.

Karani aliniambia pia nisijidanganye kuwa barua ni amri. Asipokubali, Ami ana haki ya kwenda traibunali kabla ya hiyo 1 Mei, na akishaenda anaendelea kulipa 12,000 mpaka waamue. Asipojibu na asipoenda, ndio notisi inashika yenyewe.

Ami hakwenda. Wiki ya tatu akaniletea karatasi iliyokunjwa vizuri, kaandika kwa mkono: hakubali 15,000, kwa sababu hayo maduka mawili yana choo chao na yeye anakwenda kuomba choo msikitini. Sikuwa na la kujibu, ni kweli, kile choo cha uani kimeharibika tangu mama yu hai. Tukakaa barazani, kahawa chungu vikombe viwili, tukakubaliana 14,000 kuanzia hiyo hiyo 1 Mei, na choo nitengeneze kabla ya mwezi wa saba. Safari hii tukaandika na kusaini sote wawili, mpwa wake akawa shahidi.

Tarehe moja asubuhi M-Pesa ikaingia, 14,000 kamili. Dakika mbili baadae ikaja mesej: "Mwanangu, fundi wa choo anakuja lini?"