Dunia nzima, milele: mkataba wa wimbo wangu kwenye tangazo la juisi

Mkataba wa kwanza walioniletea ulikuwa wa kurasa mbili. Kampuni ya vinywaji, kupitia wakala wake wa matangazo hapa Dar es Salaam, ilitaka wimbo wangu uingie kwenye tangazo la juisi. Malipo yalikuwa shilingi milioni 8, mara moja. Chini yake waliandika kwamba wanapewa haki zote za wimbo huo, katika vyombo vyote vya habari, dunia nzima, milele. Kijana aliyeleta karatasi aliniambia kwa upole, "Dada, hii ni fomu yetu ya kawaida tu." Nilikuwa na kodi ya nyumba ya miezi mitatu mbele yangu na kalamu mkononi. Nikamwomba aniachie wiki moja.

Shemeji yangu ni wakili, ingawa kesi zake nyingi ni za ardhi. Aliisoma akaniuliza swali moja: "Wanakodi au wananunua?" Maneno "haki zote" na "milele" yalimaanisha kununua. Baada ya kusaini, hata mimi ningehitaji ruhusa yao kuuimba upya wimbo wangu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa milioni 8 nilikuwa nauza mpaka fungu la wanangu. Nilichotaka kutoa ni leseni: wimbo unabaki wangu, wao wanautumia kwa kazi fulani, mahali fulani, kwa muda fulani.

Kabla ya kurudi kwao ilinibidi nimalizane na prodyuza. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili ndani yake, ya utunzi na ya ile rekodi yenyewe, na tangazo linazihitaji zote. Mashairi na sauti ni vyangu, lakini biti aliipiga yeye, na siku ya kurekodi nilimlipa pesa ya studio bila kuandikiana chochote. Tulikaa jioni moja tukakubaliana asilimia 70 kwangu na 30 kwake kwa kila shilingi ya tangazo, tukasaini wote wawili mbele ya shahidi. Nisingefanya hivyo, kampuni ingelipa mmoja wetu na mwingine angekuwa na haki ya kulizuia tangazo likiwa tayari hewani.

Eneo ndilo lililotuchukua siku nyingi. Niliwauliza juisi inauzwa wapi, wakasema Tanzania. Basi dunia nzima ya nini? Wakajibu kwamba tangazo litakuwa mtandaoni, na mtandao hauna mipaka. Hoja hiyo ina ukweli, hivyo tukaigawa. Redio na televisheni ni vituo vya Tanzania Bara na Zanzibar. Tulizitaja pande zote mbili kwa majina, kwa sababu Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki na ofisi yake, na neno "Tanzania" peke yake linaweza kuzua ubishi baadaye. Mtandaoni, tangazo la kulipia lielekezwe kwa watazamaji waliopo Tanzania tu, jambo ambalo mitandao inaruhusu kuchagua. Mtu wa Muscat akiliona kwenye ukurasa wa kampuni, au wa Mombasa akilinasa kwa setilaiti, hilo si kosa. Kosa ni kulipeleka huko kwa makusudi.

Muda nilidhani ni jambo jepesi: mwaka mmoja. Wao wakaandika mwaka mmoja "kuanzia siku tangazo litakaporushwa mara ya kwanza". Shemeji ndiye aliyeona shimo. Mkataba ulinikataza kutoa wimbo huo kwa kampuni nyingine ya vinywaji. Kama wangeamua kuliweka tangazo kabatini miaka miwili, mwaka wangu usingeanza na mimi ningebaki nimefungwa. Tukaandika kwamba muda unaanza siku ya kurushwa au siku ya 60 baada ya kusaini, ipi itangulie. Tulisaini tarehe 3 Februari 2022. Tangazo lilichelewa hadi tarehe 20 Aprili, lakini mwaka ulikuwa umeshaanza tarehe 4.

Kwenye mrabaha walinipa kwanza asilimia 1 ya faida ya juisi. Nilikataa. Faida ni hesabu inayopigwa ndani ya kampuni, na gharama za kuipunguza hawakosi. Nilitaka kitu kinachoacha karatasi nje ya ofisi yao. Vituo vya redio na televisheni hutoa ankara kwa kila muda wa matangazo ulionunuliwa, basi tukakubaliana asilimia 3 ya ankara hizo, ikipigwa hesabu kila miezi mitatu, na nakala zake niletewe. Juu ya hapo kulikuwa na ada ya leseni milioni 6, na milioni 4 za mrabaha wa kutangulizwa. Kila kiasi kiliandikwa kuwa ni kabla ya kodi ya zuio, nao wanipe hati ya kodi waliyokata.

Huo mrabaha wa kutangulizwa uelewe vizuri, maana prodyuza wangu alikuja juu hesabu ya kwanza ilipofika bila pesa. Miezi mitatu ya mwanzo ankara zilikuwa milioni 80, mrabaha wetu milioni 2.4. Tulikuwa tumeshapokea milioni 4, kwa hiyo hatukulipwa kitu. Miezi mitatu iliyofuata zilikuwa milioni 70, mrabaha milioni 2.1. Jumla ikawa milioni 4.5, tukalipwa ile laki 5 iliyozidi. Kuanzia hapo kila hesabu ililipwa kamili.

Julai mwaka huohuo binamu yangu wa Mombasa alinipigia kunipongeza, amenisikia redioni. Nilimwomba arekodi kwa simu na aandike kituo, tarehe na saa. Niliposikiliza, bei ya juisi ilitajwa kwa shilingi za Kenya. Hapo hapakuwa tena na cha mawimbi kuvuka mpaka. Tangazo lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya kule. Tulituma barua tukitaja kifungu cha eneo, tukaambatanisha rekodi tatu za siku tofauti. Wakala alisema kampuni dada ya Kenya ilichukua faili bila kuuliza. Hatukwenda mahakamani. Walisaini leseni ya pili ya Kenya peke yake, milioni 5, ikihesabiwa tangu siku ya kwanza waliporusha, pamoja na asilimia ileile 3 kwa ankara za vituo vya kule. Laiti ningekuwa nimesaini ile fomu ya kwanza, simu ya binamu ingekuwa pongezi tu.

Mkataba uliisha tarehe 3 Aprili 2023. Redio na televisheni zilinyamaza siku hiyohiyo, lakini video iliendelea kuwepo kwenye ukurasa wa kampuni, kwa kuwa tulikuwa tumewapa siku 14 za kuondoa vya mtandaoni. Siku ya 10 niliwatumia kiungo cha video na picha ya skrini yenye tarehe. Siku ya 12 ikatoka. Wiki iliyofuata walipiga simu kuomba mwaka mwingine, na safari hii karatasi waliyoileta ilikuwa na mistari miwili ya eneo, Tanzania Bara na Zanzibar mmoja, Kenya mwingine, kila mmoja na bei yake.