Imeshajibu

Neno moja tu, na tangu Jumamosi linazunguka kichwani mwangu kama mbu aliyeingia chandaruani. "Imeshajibu." Nikichota maji nalisikia, nikigeuza samaki kikaangoni nalisikia.

Wiki hii dada kajifungua mapacha (wazima wote, alhamdulillahi), shule imefungwa, na lile jahazi la mjomba limerudi kutoka Kiunga mlingoti umevunjika. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo niacheni na karatasi yangu.

Bohari la samaki mnalijua, ni lile la popo. Ushirika ulipokufa lilifungwa, na miaka kumi na moja sasa ufunguo anakaa nao Ami, kwa kuwa ndiye mzee wa kijiji na hakuna mwingine aliyeutaka. Mwezi uliopita akaona aite baraza, watu waseme lifanywe nini. Akaniambia, "Mwanangu, wewe una kalamu. Nitengenezee maneno ya kufungulia."

Nikafurahi mno, na kosa lilianzia hapo. Usiku wa kwanza niliandika, wa pili nikafuta nikaandika upya. Nikaipiga chapa ofisini kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake. Kurasa mbili: dua, historia ya ushirika, vijana wetu wanavyopoteza jioni zao maskani, halafu mwisho, kwa upole kabisa, kwamba yeye kama mzee wa kijiji anaona bohari lingefaa kuwa maktaba. Nikachora na rafu, zimepangwa ukuta wa nyuma kutoka mlangoni hadi kona. Wanaonisoma tangu zamani wanajua maktaba hiyo naiota tangu lini.

Jumamosi baada ya Alasiri nikampelekea barazani kwake. Aliisoma amesimama, miwani yake ile iliyofungwa kwa mshipi wa kuvulia. Alisoma yote, hata ule mchoro aliugeuza akautazama vizuri. Kisha akaikunja mara nne, taratibu, akipitisha ukucha kwenye kila kunjo.

"Karatasi yako nzuri, mwanangu. Lakini imeshajibu."

"Imejibu nini, Ami?"

"Twende, watu wanangoja."

Akaitia mfukoni mwa kanzu, akachukua bakora. Basi.

Nimeurudia huo "nzuri" kwa sauti zote. Kuna nzuri ya kumsifu mtu na kuna nzuri ya kumtoa mtoto njiani. Mama anasema Ami hana dharau. Nikamwambia Mama, wewe hukuona ule ukucha.

Watu walikaa chini ya mkungu mbele ya bohari, wanawake tukatandika mikeka upande wa ukutani. Naibu wa chifu alikuja kwa boti, akapewa kiti cha plastiki. Ami hakukaa. Alitoa ufunguo akauinua juu: ufunguo wenye kutu, umefungwa kwenye kipande cha boya la jarife ili ukianguka majini uelee. Nilitazama saa mwanzo na mwisho. Alisema dakika nne, na karatasi haikutoka mfukoni.

Nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Assalaam alaykum. Sitawaweka, jua linashuka. Ufunguo ni huu, na nyumba ni hiyo. Nimeipima kwa miguu yangu: hatua kumi na sita kwa saba. Kuta za mawe ni nzima. Bati si zima, mvua ikinyesha, ndani nako kunanyesha vilevile. Ukuta wa nyuma unalia chumvi. Miaka mingi tulimwaga maji ya samaki sakafuni, na chumvi ikapanda ukutani. Halafu tukaupiga plasta ya saruji juu ya jiwe la chokaa, tukaona tumetengeneza. Saruji imeziba, ukuta haupumui. Nendeni mkaugonge, utasikia unavyolia tupu. Mpaka ile saruji ibanduliwe, ukuta ukauke msimu mzima, kisha upigwe chokaa, usiegemeze kitu pale. Si unga, si nguo, si karatasi."

Si karatasi! Hakunitazama. Ingekuwa heri angenitazama. Nilikodolea macho ukili wa mkeka, nahesabu miraba, masikio yanawaka moto.

Akaendelea. "Kiwanja hakina hati. Kwa hiyo asije mtu na neno la kumkodisha mgeni miaka thelathini. Hilo lina mkutano wake na sheria yake. Na leo hatuamui. Leo twakusanya tu. Kuamua ni Jumamosi ya pili, baada ya watu kulala na maneno yao. Mimi sina wazo langu la kuwaambia. Hata kama ninalo, sinalo leo. Waanze wadogo, kisha wanawake, wazee tumalize. Lakini kila atakayesema, kuna yambo moya nitamuuliza: ufunguo huu atashika nani? Atafungua asubuhi gani, na mwezi wa Kusi, boti zikiwa zimelala, atalipa nini? Bismillahi."

Akakaa kwenye gogo, akaweka ufunguo mchangani mbele yake, mahali pa kila mtu kuuona.

Na hapo, kabla mtoto yeyote hajafungua mdomo, naibu wa chifu akasimama kutoa shukrani. Akashukuru vizuri, ni mtu wa adabu. Halafu akaongeza: "Mimi kwa maoni yangu, ingefaa kuwa ukumbi wa kukodisha kwa harusi."

Laiti mngekuwepo. Baraza lote likapoa kama chai iliyosahauliwa. Mzee mmoja akasema anaunga mkono ukumbi. Wa pili naye, anaunga mkono. Wa tatu akauliza viti vitatoka wapi, kana kwamba ukumbi ushajengwa! Wale vijana waliokaa ukingoni wakaanza kutoa simu. Katika dakika tatu watu mia walikuwa wanajadili viti.

Nami nilikuwa nimekaa pale na kurasa zangu mbili kichwani. Ami angeisoma karatasi yangu, mkutano ungekuwa hivihivi, ila badala ya viti tungejadili rafu. Na lingetoka kinywani mwa Ami, ambaye hapa kijijini nani atambishia? Wangeunga mkono wote, wakarudi nyumbani, na maktaba isingefunguliwa na mtu hata siku moja.

Ami hakumkatiza naibu. Alingoja kikohozi kipite, akasema, "Tumepokea, ukumbi ni wazo la kwanza. Bwana mkubwa, ufunguo wako atashika nani?" Naibu akacheka, akasema hilo hakulifikiria. Watu wakacheka naye, na mkutano ukarudi mahali pake.

Wazo lililonigusa kuliko yote lilikuwa la nahodha mmoja mzee, rafiki wa marehemu baba. Alitaka barafu irudi. Alieleza kwa uchungu: joto la huku kilo ya samaki inataka kilo ya barafu, ukipunguza samaki hafiki sokoni macho yakiwa bado yanang'aa, na sasa wanauza kwa bei ya mchuuzi kwa sababu wanaogopa kuoza. Yote kweli. Ami akamwuliza swali lilelile. Mzee akasema ufunguo atashika yeye. Na mwezi wa Kusi? Akanyamaza. Sote tunajua ushirika ulikufaje: bahari ikichafuka boti hazitoki, samaki hakuna, na bili ya umeme haijui kama ni Kusi au Kaskazi. Alikaa taratibu, akasema, "Basi liandikwe tu." Ami akasema litaandikwa. Nikamwona kweli anaandika.

Kina mama wa ukili walitaka pa kuwekea mikeka. Mmoja wao mwenyewe akakumbuka ule ukuta: ukili ukinyonya unyevu unafanya koga, nani atanunua mkeka wenye madoa? Akaomba kona ya mbele, mbali na chumvi. Akataja na mtu wa ufunguo, ila mwenzake akakataa palepale, wakaanza yao ya zamani ambayo siyaandiki hapa.

Halafu kabinti ka darasa la saba, kale kanakobeba mdogo wake mgongoni kila mahali, kakasimama. Sauti haisikiki. Kakasema kanataka meza na taa. Basi. Si vitabu, vitabu wanavyo mkobani, ila nyumbani taa ni moja na watu ni tisa. Wangekaa kuanzia baada ya Magharibi hadi Isha, na alfajiri kabla ya shule.

"Na ufunguo, mwanangu?"

"Ashike bibi wa mahamri. Yeye huamka saa kumi."

Bibi wa mahamri alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa sauti, "Mimi sijakataa."

Nilicheka mpaka machozi, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko. Ilikuwa maktaba yangu bila rafu hata moja. Haiegemei ukuta wowote, inataka mabati machache, meza na taa, na ikija Kusi ada yake ni mwanga tu wa saa chache. Nami katika usiku wangu wote miwili sikumfikiria bibi wa mahamri hata mara moja, ingawa ninakula mahamri yake kila siku ya Mungu.

Baada ya watu kutawanyika Ami aliniita. Akatoa mfukoni ile karatasi, imekunjuka, ina alama nne za ukucha. Nilidhani ananirudishia. Akanionyesha mgongo wa ukurasa: ameujaza mawazo yote, kumi na manne, kwa ile hati yake ya Kiarabu inayopanda kilima kuelekea kushoto. Mimi hati hiyo naisoma kwa kubabaisha, neno hapa neno pale. Nilitambua barafu. Nilitambua mahamri.

"Nilikwambia nzuri," akasema. "Ina nafasi kubwa nyuma."

Mnaona? Bado sijui kama ni sifa. Mama naye kanisomea orodha yote jana usiku, na nambari kumi na tano, chini kabisa, kwa herufi ndogo, kaandika: rafu, ukuta ukikauka. Sikumbuki mtu aliyelisema hilo barazani.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini punda wetu tangu jana hagusi pumba. Anasimama ameinua mguu wa nyuma wa kushoto, ukimkaribia anageuza masikio. Nimetazama kwato kwa taa ya simu, sikuona msumari wala jiwe, ila pana joto. Hospitali ya punda iko mjini, na kumtembeza huko kwa mguu huo sijui itakuwaje. Mdogo wangu anasema tungoje kesho. Nimetoka tena sasa hivi, bado amesimama kwa miguu mitatu.