Bango lilikuwa kubwa kuliko msaada: nilivyoshirikiana na kituo cha watoto bila kuonekana mchuuzi wa huruma

Mara ya kwanza nilikosea, na kosa lenyewe lina picha. Nimesimama mlangoni mwa kituo cha kutwa cha watoto wenye ulemavu, mkononi nina katoni moja ya sabuni ninazotengeneza, nyuma yangu bango lenye jina la chapa yangu limefunika nusu ya ukuta. Watoto sita wamepangwa mbele. Niliiweka picha kwenye ukurasa wa biashara nikisubiri pongezi. Mteja wangu wa siku nyingi akaandika mstari mmoja tu: "Katoni ni moja, bango mita ngapi?"

Niliifuta picha, lakini swali sikuweza kulifuta. Bango na mpiga picha vilinigharimu zaidi ya ile katoni.

Mwaka uliofuata nilirudi kituoni mikono mitupu, kuomba radhi na kuuliza. Mama anayekisimamia aliitikia shikamoo yangu, akanichukua moja kwa moja hadi stoo. Katoni za sabuni zilifika dirishani, za chini zimevimba kwa unyevu. "Mwanangu, kila mwenye kiwanda cha sabuni anatuletea sabuni," akasema. Kisha akanionyesha kona ya pili: viti vya magurudumu vimeegeshwa, kimoja hakina breki, kingine beringi zimekwisha, vitatu tairi zimepasuka. Viti vipya huwa wanaletewa, na siku ya kukabidhi watu hupiga picha. Fedha ya kutengeneza vya zamani hakuna anayeitoa, maana beringi haipendezi pichani.

Hapo ndipo nilipopata cha kuchangia. Kilichobaki kilikuwa hesabu, na hesabu ndiyo iliyonichukua muda.

Nilitaka kuandika kwenye lebo "sehemu ya faida inakwenda kwa watoto". Ni sentensi tamu, ila haimfungi mtu. Chukulia bei ya kipande kimoja ni 100. Mali ghafi inakula 40, vifungashio 12, usafiri 8, fungu la mwenye duka 20. Ninabaki na 20, na humo bado sijalipa umeme wala pango. Nikiahidi asilimia 10 ya faida, mtoto anapata 2, na mwezi nikipata hasara anapata sifuri, huku mteja akiamini amesaidia. Kwa hiyo niliachana na faida, nikaahidi 5 katika kila 100 ya bei, niuze vizuri au vibaya. Ni robo ya kile kinachonibakia. Kiliniuma, lakini nilijua mapema kitaniuma kiasi gani.

Kwenye stika sikuandika asilimia, kwa sababu kila duka linapanga bei yake na mteja angeuliza asilimia ya bei ipi. Niliandika kiasi chenyewe cha fedha kwa kila kipande, kazi kitakayofanya (kutengeneza viti vya magurudumu), tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kiwango cha chini ambacho kituo kitapata hata sabuni zisipotoka. Sikuyabuni mimi. Marekani kuna taasisi inayopima mashirika ya hisani, BBB Wise Giving Alliance, na kanuni yake ya 19 inataka mnunuzi aelezwe mambo hayo palepale anapoombwa kununua: kiasi kinachokwenda kwenye hisani, muda wa kampeni, na kima cha chini au ukomo wa mchango kama upo. Hakuna aliyenilazimisha kuifuata. Niliifuata kwa sababu inajibu karibu kila swali ambalo mteja mwenye mashaka angeuliza.

Kima cha chini nilikiweka sawa na bei ya vipande 40, na nusu yake nikailipa kabla stika haijachapwa. Nashauri hili kuliko jingine lolote. Ukitanguliza malipo, kituo hakibebi hatari ya biashara yako, nawe huna sababu ya kusukuma mauzo kwa kuwatumia watoto.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja. Mama aliongeza vifungu viwili ambavyo mimi nisingevifikiria. Cha kwanza, hakuna sura ya mtoto kwenye tangazo, hata mzazi akikubali, kwa sababu mzazi anayehudumiwa bure ni vigumu kukataa. Cha pili, tangazo lolote lenye jina la kituo alione kwanza, na awe na siku tatu za kulikataa. Alilikataa moja. Nilikuwa nimeandika "Nunua, umfanye mtoto atabasamu". Akasema, "Watoto wetu wanatabasamu kila siku. Wanachokosa ni tairi." Tukaandika tairi.

Kisha likaja suala la matangazo, na nusura nirudie kosa la bango. Nilitarajia kuuza vipande 1,000 kwa wiki nane, yaani mchango sawa na bei ya vipande 50. Makadirio ya mabango, mpiga picha na mtu maarufu wa mtandaoni yakafika bei ya vipande 75. Niliziweka namba hizo mbili kwenye karatasi moja, nikaona aibu peke yangu. Kampuni ya kadi za malipo ya Marekani, American Express, ilipochangia ukarabati wa Sanamu ya Uhuru ya New York mwaka 1983, senti moja kwa kila matumizi ya kadi, hadi leo wanaosimulia kampeni ile hawaachi kutaja kwamba matangazo yalikula fedha nyingi kuliko mchango. Kampuni kubwa inaweza kuishi na lawama hiyo, mimi nisingeweza. Nilibakiza stika tu, pamoja na karatasi ndogo ya maelezo kwa wauzaji wa madukani. Vyote viwili viligharimu bei ya vipande 9.

Wauzaji hao wasisahaulike. Mmoja alikuwa akiwaambia wateja kwamba fedha yote ya sabuni inakwenda kwa watoto. Alidhani ananisaidia. Nilimfuata, nikamsomea stika, nikamwomba aseme kiasi kile kile kilichoandikwa.

Wiki nane zilipoisha, vipande 1,160 vilikuwa vimeuzwa. Kipindi kama hicho kabla ya hapo nilikuwa nauza kama 900, kwa hiyo na mimi nilinufaika, na nilipoulizwa nilikiri hivyo hivyo. Mchango ulifika bei ya vipande 58. Nililipa kwanza, nikapata risiti, fundi akatengeneza viti saba, halafu ndipo nikaandika taarifa ya aya moja: idadi iliyouzwa, kiasi kilicholipwa, kilichotengenezwa. Picha niliyoweka ni ya beringi za zamani mezani kwa fundi, zimejaa kutu.

Kitu kimoja sikukiona mapema. Madukani vilibaki vipande 240 vyenye stika, tarehe imepita. Kwa maandishi ya mkataba nilikuwa nimemaliza, lakini mtu anayevikuta rafuni haangalii tarehe, anasoma kiasi. Niliendelea kuvihesabu. Katika wiki tano viliuzwa 206, na 34 vikarudi kwangu nikavibandua stika usiku mmoja mimi na mdogo wangu. Nilipopeleka malipo ya pili, mama aliyahesabu, akaniandikia risiti, akauliza kama namfahamu fundi wa breki.