Mstari mmoja, habari mbili

Leo asubuhi nimemtumia meneja wetu barua pepe niliyojua wazi kwamba haitampendeza. Mimi ni mchambuzi wa mradi wa programu ya kompyuta. Kila sprinti, yaani kipindi cha kazi cha wiki mbili, inapoisha, mimi ndiye ninayechora ile chati ya kazi iliyobaki, ambayo kazini tunaiita bandauni, na safari hii chati inasema tarehe ya kukabidhi haifikiki.

Kwa asiyeijua, chati yenyewe ni nyepesi. Upande wa wima ni pointi za kazi iliyobaki, yaani makadirio ya timu kuhusu ukubwa wa kila kazi. Upande wa mlalo ni sprinti. Mstari wa nukta nukta unashuka kutoka juu kushoto hadi sifuri siku ya kukabidhi: huo ndio mpango. Mstari mzito ni hali halisi. Ukiwa juu ya ule wa nukta nukta, mmechelewa. Sisi tulianza na pointi 240 na sprinti 12, kwa hiyo mpango ulidai tumalize pointi 20 kila sprinti. Sprinti ya saba imeisha juzi. Mpango unasema zingebaki pointi 100, lakini zimebaki 149.

Kusema tumechelewa hakukunipa taabu, maana hilo hata mtoto angeliona kwenye picha. Kilichonisumbua ni swali ambalo meneja alikuwa amekwisha kuniuliza kwenye korido: “Mbona vijana wamelegea?” Ukitazama chati tu, ana haki ya kuuliza. Sprinti ya kwanza mstari ulishuka kwa pointi 17, na sprinti ya saba umeshuka kwa pointi 9 pekee. Mstari unazidi kulala, na mstari unaolala jicho linausoma kama uvivu.

Ila hawakulegea. Sprinti ya kwanza timu ilimaliza pointi 17, na ya saba vilevile imemaliza pointi 17. Tofauti ni kwamba katika sprinti ya kwanza hakuna kazi mpya iliyoingia, na katika ya saba ziliingia pointi 8. Kumi na saba zimetoka, nane zimeingia, mstari umeshuka kwa tisa. Ni sawa na kuchota maji kwenye pipa huku bomba likiwa wazi: anayetazama kina cha maji peke yake atamlaumu mchotaji.

Hapo ndipo udhaifu wa chati hii ulipo. Mstari wake mmoja unabeba habari mbili, kazi iliyokamilika na kazi iliyoongezwa, na hauwezi kukuambia ipi ni ipi. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote nilirudi kwenye orodha ya kazi na kutenganisha safu hizo mbili, sprinti kwa sprinti. Zilizokamilika: 17, 19, 14, 18, 16, 18, 17. Zilizoongezwa: 0, 2, 3, 3, 6, 6, 8. Jumla tumemaliza pointi 119 na tumepokea pointi 28. Safu ya kwanza inapanda na kushuka kidogo pale pale palipo, kama ilivyo kwa timu yoyote yenye afya. Safu ya pili inapanda tu. Ukizisoma hivyo mbili mbili, swali la vijana kulegea linakufa lenyewe.

Sprinti ya tatu, ile ya pointi 14, wawili walikuwa likizo. Niliacha kuitaja kwenye barua. Ukianza kutoa udhuru wa sprinti moja, msomaji atataka udhuru wa zote.

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi: ucheleweshaji wetu unatokana na nini hasa, na kwa kiasi gani? Ni rahisi kuzibebesha kazi mpya mzigo wote, na kwa kweli hivyo ndivyo timu ingependa niseme. Hesabu inakataa. Chukulia kwamba hakuna hata pointi moja iliyoongezwa. Tungebakiwa na pointi 121, na kwa wastani wetu wa pointi 17 tungehitaji sprinti nane zaidi, ilhali zimebaki tano. Maana yake, sprinti tatu za kuchelewa zilikuwamo ndani ya mpango tangu siku ya kwanza, kwa sababu ile 20 ilikuwa matumaini. Hatujawahi kuifikia. Sprinti yetu bora kuliko zote ilitoa 19.

Pointi 28 ambazo tayari zimeingia zinaongeza sprinti moja: 149 kugawa kwa 17 ni karibu 8.8, yaani sprinti tisa. Na kazi mpya zikiendelea kuingia kwa wastani wa pointi 4 kila sprinti, kasi halisi ya kushuka ni 13, basi 149 kugawa kwa 13 ni karibu 11.5, yaani sprinti 12. Tatu, moja, tatu. Sababu tatu tofauti, na kila moja ina mtu tofauti wa kuulizwa.

Kishawishi kilikuwapo cha kutumia sprinti tatu za mwisho badala ya zote saba. Kwa hizo, kazi mpya zinaingia kwa pointi 6 na ushei, na utabiri unakwenda hadi sprinti 15. Niliiacha kwa sababu nusu ya ongezeko hilo ni kazi ya kuhamisha data kutoka mfumo wa zamani, ambayo ina mwisho wake. Utabiri wa kumtisha mtu haumsaidii kuamua, na mwezi ujao asipouona ukitimia hatakusikiliza tena.

Barua yenyewe ndiyo hii. Tarehe za kalenda nimezigeuza kuwa wiki kwa ajili ya hapa:

“Habari za asubuhi, Mama.

Kwa hali ilivyo leo, hatutakabidhi kwa tarehe tuliyoahidi. Tukizuia kazi mpya kuanzia sasa, tutachelewa wiki 8. Kazi mpya zikiendelea kuingia kama zinavyoingia, tutachelewa wiki 14.

Chati niliyoambatisha inaonyesha pointi 149 zimebaki, wakati mpango ulitaka zibaki 100. Timu inamaliza wastani wa pointi 17 kila sprinti, na kasi hiyo haijapungua tangu tuanze. Mstari unaonekana kulala kwa sababu kazi zinazoongezwa zimepanda kutoka 0 katika sprinti ya kwanza hadi 8 katika ya saba. Nimeweka pia chati ya pili yenye mistari miwili, jumla ya kazi na kazi iliyokamilika, ili hilo lionekane kwa macho.

Katika wiki 14 za kuchelewa, 6 zinatokana na mpango uliokadiria pointi 20 kwa sprinti, 2 zinatokana na kazi ambazo tayari zimeongezwa, na 6 zitatokana na zile zitakazoongezwa tusipozizuia.

Tukitaka kubaki na tarehe ile ile, sprinti tano zilizobaki zinaweza kubeba pointi 85. Kwa hiyo inabidi tuondoe kazi za pointi 64 kwenye toleo hili na kutoruhusu nyingine kuingia. Naomba uamuzi wako kabla ya kikao cha kupanga sprinti ya nane: tupunguze kazi, tusogeze tarehe, au tufanye vyote viwili kwa kiasi.

Nipo tayari kuja kukueleza.”

Nilipoisoma kabla ya kuituma niliona mahali panapoweza kuleta ugomvi: zile wiki 6 za mpango. Mpango ule aliupitisha yeye. Nilifikiri kuzificha ndani ya sentensi nyingine, kisha nikaziacha wazi, kwa sababu bila hizo angeondoka akiamini kwamba kuzuia kazi mpya kunatosha kurudisha tarehe. Hakutoshi. Hata bomba likifungwa kabisa leo, wiki 8 zipo pale pale.

Neno “huenda” nalo nililiondoa kwenye sentensi ya kwanza. Linafaa panapokuwa na shaka ya kweli. Hapa, ili tuifikie tarehe kwa kazi zote zilizopo, tungehitaji karibu pointi 30 kila sprinti, na timu ambayo haijawahi kupita 19 haitafika 30 kwa kuhimizwa. Ninachokiri kuwa na shaka nacho ni kama ni wiki 8 au 10. Nikichukua wastani wa sprinti zetu tatu mbovu zaidi, hesabu inafika sprinti kumi badala ya tisa. Hilo nililiweka kwenye jedwali la kiambatisho, asome akitaka.

Alinijibu kabla ya saa sita mchana, mstari mmoja: “Njoo na orodha ya kazi.” Nilimkuta na mwakilishi wa mteja kwenye simu ya spika. Swali la kwanza lilikuwa lile lile la kila mradi unaochelewa: tukiongeza watu wawili? Nikamkumbusha alichoandika Fred Brooks mwaka 1975, yeye aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 kule IBM: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa huuchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni wale wale wanaotoa zile pointi 17. Mama alicheka kidogo, akasema, “Haya, mwanangu, tukate.”

Kukata kulichukua mchana wote. Mwakilishi wa mteja alikubali kusogeza ripoti za takwimu na uchapishaji wa barua kwenye toleo linalofuata, akang'ang'ania uhamishaji wa data. Zilizotoka ni pointi 41, pungufu ya 64 nilizoomba. Zimebaki 108, na kwa 17 kila sprinti hizo ni sprinti saba, kwa hiyo tutachelewa wiki 4. Tarehe mpya atatangaza Mama mwenyewe kwa mteja kesho kutwa. Sharti moja limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao: kazi mpya ikiingia, nyingine ya pointi zilezile itoke siku hiyohiyo.

Kuanzia sprinti ya nane, chati ya mistari miwili ndiyo itakayobandikwa mbele. Ile ya zamani nitaendelea kuichora kwa ajili ya timu, maana wao wanajua kilichoingia na kilichotoka, ni wao walioibeba kazi yenyewe.